Ukitafsiri mzaha, usimgeuze msimulizi kuwa msomaji wa habari

Chukua sura ya riwaya ya Kiingereza iliyokuvunja mbavu, itafsiri kwa Kiswahili, kisha umpe rafiki yako aisome. Mara nyingi atakurudishia karatasi zako akiwa ametulia tuli. Ukimuuliza ameionaje, atakujibu, "Iko sawa." Nawe ukiikagua utakuta kweli iko sawa: matukio yote yapo, majina yapo, sarufi haina doa. Aliyetoweka ni yule mtu aliyekuwa akikusimulia. Kiti chake kimekaliwa na msomaji wa taarifa ya habari ya saa moja jioni.

Kosa hili halitokani na uhaba wa msamiati. Linatokana na yale tunayofundishwa kuyalinda. Shuleni tunaambiwa tulinde maana ya maneno, tuepuke kurudia neno moja, tuandike Kiswahili sanifu. Lakini ucheshi wa msimulizi hukaa kwingine: katika neno analolirudia kwa makusudi, pale anapoikata sentensi, na umbali uliopo kati ya lugha yake na lugha ya watu anaowasimulia. Kuna vijana wanaodhani dawa ya ukavu huu ni kumwaga Sheng' kila mahali. Msimamo wetu ni kwamba dawa hiyo mara nyingine humuua mgonjwa.

Tuchukue mfano halisi. Mwaka wa 1966, Chinua Achebe wa Nigeria alichapisha riwaya iitwayo A Man of the People. Kiswahili kinayo tafsiri yake, Mwakilishi wa Watu, na hapa hatuihukumu. Tunachotaka ni kurudi kwenye Kiingereza chenyewe na kuuliza: kijana akiketi leo na sura ya kwanza ya kitabu hicho, kalamu mkononi, atakutana na nini?

Kwanza atakutana na Odili, msimulizi wetu. Ni mwalimu kijana mwenye digrii, anayefundisha katika shule ya sekondari kijijini Anata. Siku hiyo shule inamngoja mgeni wa heshima, Waziri Nanga, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa Odili mwenyewe. Odili anaisimulia siku ile baada ya mambo kupita. Hapazi sauti wala hamwambii msomaji wapi pa kucheka. Kiingereza chake ni nadhifu, karibu kiwe cha ofisini, na anakitumia kueleza vituko. Pengo hilo kati ya lugha nadhifu na kituko chenyewe ndilo linalochekesha. Ukiliziba, kicheko nacho kinakwisha.

Tazama anavyomtambulisha mwenye shule, Bwana Nwege. Anatupa kisa kifupi cha zamani, wakati Nwege alikuwa mwalimu maskini wa shule ya msingi. Alikuwa na baisikeli kuukuu, breki zake za mashaka. Siku moja akiteremka mlima kwa kasi kuelekea daraja jembamba, akaona lori likishuka kutoka upande wa pili. Akawapigia kelele wapita njia, kwa jina la Mungu, wamwangushe. Hakuna aliyemwangusha. Basi akaongeza ahadi ya pesa kidogo kwa atakayefanya hivyo. Tangu siku hiyo, maneno yake yakawa mzaha wa kijiji kizima.

Kisa chote ni sentensi chache tu, lakini mitego ni mingi. Mtego wa kwanza ni neno njaa. Odili anasema kwamba enzi hizo Nwege alikuwa na njaa, halafu anadokeza kuwa hata baada ya kujenga shule yake na kutajirika, njaa haikuisha. Kiingereza kinatumia neno lile lile mara mbili. Mara ya kwanza ni tumbo tupu, mara ya pili ni ulafi. Mtafsiri aliyefunzwa kutorudia maneno ataandika "njaa" kwanza, kisha "tamaa" au "uroho." Akifanya hivyo amefafanua mzaha badala ya kuutafsiri. Msomaji ameambiwa moja kwa moja kwamba Nwege ni mlafi, naye alipaswa kuligundua hilo mwenyewe.

Kiswahili hapa hakihitaji msaada wowote. Neno "njaa" linabeba maana zote mbili bila taabu. Mtaani tukisema "huyo jamaa ana njaa sana" kumhusu mtu mwenye gari kubwa, hakuna anayefikiria ugali. Kwa hiyo "njaa" ibaki mara zote mbili, na mara ya pili ikae karibu na mwisho wa sentensi, ili msomaji aikute baada ya kusikia habari za utajiri. Ukiiweka mapema, utajiri utakuja wakati mzaha umeshapoa.

Mtego wa pili ni kitenzi cha Nwege mwenyewe. Kiingereza chake kinatumia neno la kusukuma pamoja na neno dogo linaloonyesha mwelekeo wa chini. Mtafsiri mwenye haraka ataandika "Nisukumeni!" Hebu mfikirie mtu aliye juu ya baisikeli isiyo na breki, anateremka mlima, lori linakuja, naye anaomba asukumwe. Anaomba aongezewe kasi! Msomaji atacheka, ndiyo, lakini atakuwa anamcheka mtafsiri. Neno linalohitajika ni "Niangusheni!" Wazo lote la kusukumwa hadi chini limo ndani ya kitenzi kimoja, na hiyo "-ni" ya mwisho inaonyesha kwamba anamwomba yeyote aliye barabarani, si mtu mmoja.

Lakini kuna gharama. Kilio cha Kiingereza ni silabi tatu fupi, kama ngumi tatu. "Niangusheni" ni silabi tano, na mkazo unaangukia ile ya nne. Mdundo umebadilika. Mtafsiri makini hatajidai kwamba hajapoteza kitu. Atatafuta mahali pengine pa kulipa deni hilo, kwa mfano kwa kuhakikisha kwamba maneno yanayozunguka kilio hicho ni mafupi, na kwamba Nwege halemewi na hotuba wakati lori linamjia.

Mtego wa tatu ni mtamu zaidi. Baada ya kuona kwamba hakuna anayemwangusha, Nwege anaongeza ahadi ya pesa. Odili anaiita ahadi hiyo kwa neno la Kiingereza la ofisini, neno unaloweza kulikuta katika barua ya kampuni. Hapo ndipo ucheshi wa Odili ulipo. Mtu yuko karibu kufa, na msimulizi anaandika kana kwamba mikataba inajadiliwa. Tuna chaguo kadhaa. "Akapandisha dau" ni Kiswahili kizuri chenye uhai, ila ni uhai wa mtu anayepiga soga kibarazani, na Odili hayuko kibarazani. "Akawabembeleza kwa pesa" inaeleza tu. Sisi tungechagua "motisha." Ni neno ambalo kila mfanyakazi Mkenya amelisikia mkutanoni, linapopewa sura ya maana kubwa. Mtu anayeteremka mlima bila breki huku akitoa motisha kwa umma ni kituko, na msimulizi hajaongeza hata alama ya mshangao.

Sasa njoo kwenye mdundo. Kiswahili kina zana ambayo Kiingereza hakina: kiambishi "-ka-" cha masimulizi. Akateremka, akaona, akapaza sauti. Matendo yanafuatana kama magurudumu, na kasi inaongezeka yenyewe. Kwa kisa cha baisikeli hiyo ni zawadi. Hata hivyo, ukiitumia sura nzima, Odili atageuka bibi anayewasimulia wajukuu hadithi za sungura na fisi. Mwalimu yule mwenye digrii atapotea. Kwa hiyo "-ka-" iwekwe akiba. Mwanzo wa kisa, baisikeli inapoelezwa, tumia "-li-" tulivu: alikuwa, ilikuwa, zilikuwa. Mlima unapoanza, iachilie "-ka-."

Halafu sarufi yenyewe inakufanyia jambo zuri. Wakati wa "-ka-" hauna ukanushi wake. Ukifika pale ambapo hakuna aliyemsaidia Nwege, ni lazima utoke kwenye mnyororo na uandike "hakuna aliye-" au "hawaku-." Mwendo unakatika ghafla. Katika kisa ambacho kila kitu kinateremka bila breki, sarufi imepiga breki mahali hasa ambapo msomaji anapaswa kusimama na kucheka. Usiharibu nafasi hiyo kwa kuunganisha sentensi na "lakini kwa bahati mbaya." Weka nukta kabla yake, useme kwa ufupi kwamba hakuna aliyemwangusha, kisha uendelee.

Kuhusu pesa zenyewe, Nwege anazitaja kwa peni, tena peni kumi na mbili. Nigeria ilitumia pauni, shilingi na peni hadi mwaka wa 1973, na peni kumi na mbili zilikuwa shilingi moja tu. Kuzihesabu kwa peni kunaifanya shilingi hiyo moja isikike kama mali. Ukiandika "shilingi moja," hesabu ni sahihi na mzaha umekufa. Ukiandika "shilingi elfu moja" ili kijana wa leo aelewe, umempa Nwege pesa ambazo hakuwa nazo, na wapita njia wangemrukia wote. Wapo watakaopendekeza "thumni," neno fupi tena lenye ladha ya kale, lakini linamhamishia Nwege Mombasa. Afadhali peni zibaki na idadi yake. Msomaji hahitaji kujua thamani kamili. Ukubwa wa hatari mbele ya udogo wa pesa unajieleza wenyewe.

Tukiachana na baisikeli, kuna mzaha wa aina nyingine unaomhusu Waziri. Herufi za mwanzo za majina yake ni M. A., na hizo pia ni herufi za digrii ya uzamili. Nanga hana digrii hiyo. Zamani akiwa mwalimu alipachikwa jina la utani: M. A., halafu neno la kutoa la hisabati, halafu neno lenye maana ya fursa. Yaani angekuwa nayo, ila hakupata mwanya.

Hapa mtafsiri wa neno kwa neno anajitia kitanzi. "M. A. Toa Nafasi" inasikika kama makanga anayefukuza watu mlangoni mwa matatu. Lakini Kiswahili kina neno lingine la kupunguza, lile tunalolitumia kila siku kwenye saa: kasoro. Saa mbili kasorobo. "M. A. Kasoro Nafasi" inabaki na hesabu, inabaki na digrii, na juu ya hayo inaongeza maana ya dosari ambayo Kiingereza hakikuwa nayo. Jina hilo lingeweza kutungwa na walimu wakinywa chai ofisini.

Kuna kishawishi cha kwenda mbali zaidi. Mtu mwenye akili ya haraka ataona kwamba herufi M. A. zinaweza kusimamia "Masomo Aliyakosa." Inachekesha, tena pengine kuliko ya kwanza. Sisi tungeiacha. Jina la asili lina huruma kidogo ndani yake. Linasema kwamba mlango haukufunguka, wala halisemi kwamba mtu alishindwa. "Masomo Aliyakosa" inamcheka Nanga kwa ukali ambao waliompa jina hawakuwa nao wakati ule, alipokuwa mwalimu kijana aliyependwa. Mtafsiri mcheshi ana adui mmoja mkubwa, nao ni ucheshi wake mwenyewe. Mzaha wako ukibadilisha jinsi watu wa hadithi wanavyomtazama mwenzao, utupe, hata kama unakuuma.

Limebaki swali linalowasha vijana zaidi: pijini. Katika riwaya hii baadhi ya wahusika huongea pijini ya Nigeria, na Nanga huhama kutoka Kiingereza hadi pijini apendapo, hasa anapotaka kuonekana mtu wa watu. Jibu la haraka la kijana wa Nairobi ni Sheng'. Si zote mbili ni lugha za mtaa?

Fanana lao ni la juujuu. Sheng' inatambulisha umri na mtaa. Ukimsikia mtu akiiongea unamweka mjini, na kwa kawaida unamhesabu kijana. Pia inabadilika haraka, kiasi kwamba neno la pesa linalotamba leo litamchekesha mdogo wako miaka mitano ijayo kwa uzee wake. Nanga ni mwanasiasa mtu mzima wa miaka ya sitini. Pijini yake inasema "mimi na wewe tunaelewana ijapokuwa makabila yetu ni tofauti." Haisemi "mimi ni wa Eastlands." Ukimpa Sheng', msomaji ataona mzee anayejifanya kijana ili apate kura. Hao tunawajua sana, ila huyo si Nanga.

Kinachofanya kazi kama pijini hapa kwetu ni kile Kiswahili cha bara cha sokoni na majukwaani, ambamo ngeli zimeporomoka: "kitabu yangu," "ile mtu," "hiyo maneno." Kila kabila linakielewa, hakuna anayedai ni chake, na wanasiasa hukihamia wakishuka kwenye Kiingereza ili wasikike ni wenzetu. Mpe Nanga hicho, lakini kwa kipimo. Chagua alama mbili tu, kwa mfano ngeli zilizoporomoka na "iko" mahali pa "kuna," uzifuate kila anapohama lugha. Epuka vitenzi vya "-nga" kama "anasemanga," maana vinamvalisha Nanga Ukenya ulio wazi mno. Na msimulizi Odili asiguse hata moja ya alama hizo. Aendelee na usanifu wake mtulivu, kwa sababu bila usanifu huo hakuna umbali, na bila umbali hakuna kejeli.

Tukisema hivi hatuifungii Sheng' mlango. Ken Saro-Wiwa aliandika Sozaboy mwaka wa 1985, na humo msimulizi mwenyewe, kijana anayeingia jeshini, anasimulia kwa Kiingereza kilichovunjika tangu mwanzo hadi mwisho. Kumpa msimulizi wa namna hiyo Kiswahili cha mtihani ni kumziba mdomo. Hapo mtafsiri ana sababu nzuri ya kutafuta lugha ya mtaani, na Sheng' inaweza kuwa mojawapo ya malighafi zake. Swali la kujiuliza ni dogo: katika kitabu hiki, ni nani aliye nje ya lugha sanifu? Kama ni msimulizi, toka naye. Kama ni wahusika tu, mwache msimulizi ndani, watoke wao.

Utajuaje kama umefaulu? Usijisomee peke yako, kwa sababu wewe tayari unaujua mzaha na akili yako itaujazia popote ulipopungua. Msomee kwa sauti mtu ambaye hajawahi kukisoma kitabu, kisha umtazame usoni. Akicheka kabla ya nukta, neno la mwisho umeliweka mapema. Akicheka baada ya sentensi mbili, umefafanua mno na amelazimika kuchimba. Ukijikuta unasimama kumweleza, pale ndipo pa kurudi na kalamu. Na tanbihi usiikimbilie. Tanbihi inaweza kumfahamisha msomaji kuhusu pauni ya Nigeria, ila haijawahi kumchekesha mtu.

Jambo moja la sheria kabla hujapakia sura yako mtandaoni. Achebe alifariki mwaka wa 2013. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi ya fasihi inalindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, na kutafsiri ni sehemu ya haki hiyo. Kufanyia mazoezi kwenye daftari lako ni sawa. Kuchapisha kunahitaji ruhusa ya wenye haki hadi mwisho wa 2063.

Daftari hilo linatosha kuanzia. Fungua ukurasa wa Bwana Nwege na uuandike mara mbili: mara moja jinsi mwalimu wako angetaka, na mara moja jinsi Odili angeusema kama angezaliwa na Kiswahili kinywani. Zisome zote mbili kwa sauti. Kama huoni tofauti, Odili bado hajaingia katika ukurasa wako.